Kope la Juu Hupepesa, la Chini Hucheka

Bibi harusi amekaa kwenye kiti chenye mgongo mrefu. Taa yenye kisanduku cha kulainisha mwanga iko kushoto kwa kamera, na mpiga picha anabonyeza mara nne kwa haraka. Usiku, kwenye kompyuta, picha hizo zinakaa pamoja: 0411, 0412, 0413 na 0414. Katika 0412 kila kitu kimekubali. Tabasamu limefika penyewe, shela imetulia, shingo imenyooka. Lakini macho yamefumba nusu, na mwanamke aliyekuwa na furaha ukumbi mzima anaonekana kama anayepigana na usingizi.

Mfano huu ni wa kazi ya kawaida kabisa kwa mafundi wa picha za harusi, send-off na mahafali. Suluhisho linalowajia wengi kwanza ni kukata macho yaliyofunguka ya 0411 na kuyabandika juu ya 0412. Hapo ndipo picha huharibika kwa namna ambayo mteja hawezi kuieleza, ila anaihisi mara moja: “Mbona kama si mimi?” Huyo mteja ana haki. Macho ni yake, yamepigwa siku hiyohiyo, chini ya taa ileile, na bado si ya uso ule. Sababu iko kwenye kope.

Mtu mzima hupepesa macho takriban mara 15 hadi 20 kwa dakika, na kila pepeso huchukua kati ya sehemu moja na sehemu nne za kumi za sekunde. Kazi karibu yote hufanywa na kope la juu. Linashuka kwa kasi, kisha linapanda polepole zaidi kuliko lilivyoshuka. Ndiyo maana picha nyingi za macho nusu zinanasa jicho likiwa njiani kufunguka, hata kama mwenyewe anaapa kwamba hakufumba. Shata ya sehemu ya 1/200 ya sekunde ni fupi mno kuliko pepeso lenyewe, kwa hiyo inagandisha hatua ambayo jicho la kawaida la mtazamaji haliioni kamwe.

Flashi nayo hulaumiwa isivyo. Mmuliko wake mkuu huisha kabla mwili haujapata muda wa kuitikia. Mkosaji huwa ni mmuliko mdogo wa majaribio ambao flashi inayojipimia mwanga huutoa kabla ya ule mkuu. Watu wenye kope nyepesi huupepesa huo wa kwanza na kunaswa na wa pili, na wanaweza kunaswa hivyo picha baada ya picha. Kwao, kuiweka flashi kwenye nguvu ya kupangwa kwa mkono huondoa tatizo zima, kwa kuwa mmuliko wa majaribio haupo tena.

Kope la chini lina tabia tofauti. Wakati wa kupepesa halipandi kiasi cha kuonekana. Linapanda mtu anapocheka kwa dhati. Mfaransa Guillaume Duchenne, daktari aliyechunguza misuli ya uso kwa umeme, aliandika mwaka 1862 kwamba tabasamu la kweli halitoki mdomoni peke yake: msuli unaozunguka jicho hujikaza, shavu hupanda, na kope la chini husukumwa juu. Kwa hiyo jicho linalocheka ni jembamba kidogo kuliko jicho lililotulia, na wembamba huo unatoka chini.

Sasa rudi kwa bibi harusi. Katika 0411 macho yamefunguka vizuri, lakini alikuwa bado hajacheka. Ukiyahamisha yote, mdomo wa 0412 unacheka na macho hayana habari. Kope la chini la 0411 limelala pale ambapo shavu lililopanda lilipaswa kulisukuma. Hicho ndicho mteja anachokihisi asiweze kukitaja. Kazi sahihi, basi, ni kuligawa jicho: sehemu ya juu itoke 0411, sehemu ya chini ibaki ya 0412. Kinachotengenezwa ni pepeso tu, kicheko hakiguswi.

Kabla ya kukata chochote, fundi anapaswa kuchagua picha jirani kwa uangalifu kuliko anavyochagua macho yenyewe. Katika mfano wetu 0414 ilikuwa na kicheko na macho wazi, na mtu angeikimbilia. Lakini kichwa kilikuwa kimegeuka. Dalili haijifichi: weka mstari kati ya pembe za ndani za macho mawili, halafu tazama ncha ya pua inaangukia wapi chini ya mstari huo. Katika 0412 iliangukia katikati. Katika 0414 ilikuwa imeelekea upande mmoja. Kichwa kikigeuka, jicho moja hupungua upana na jingine huongezeka, na hakuna kupunguza wala kuzungusha kutakakorudisha umbo lake. Kichwa kilichoinama tu kuelekea bega ni jambo jingine, kwa sababu hicho kinazungushika. Nayo 0413 macho yalikuwa wazi lakini yakimtazama mtu aliyesimama nyuma ya kamera. Mtazamo ukihama hata kidogo, picha iliyobandikwa macho hayo itaonekana imepotewa na jambo. Ikabaki 0411.

Kazi inaanza kwa kuziweka picha mbili juu ya nyingine kama leya: 0412 chini, kipande cha uso cha 0411 juu, uwazi ukipunguzwa hadi asilimia 50 ili zote zionekane. Photoshop ina amri ya Auto-Align Layers inayojaribu kuzilinganisha yenyewe, ila kwa picha za mtu aliyekaa ina mtego. Kiti na ukuta havikusogea, kichwa kilisogea, na programu mara nyingi hulinganisha kiti. Inafaa zaidi kulinganisha kwa mkono, au kukata kwanza eneo la uso peke yake. Asiye na Photoshop anaweza kufanya yote haya kwenye GIMP, ambayo ni ya bure, kwa kuanzia na Open as Layers.

Alama za kushikia ni pembe za ndani za macho, zile zilizo karibu na pua. Kope zinapanda na kushuka, nyusi zinainuka, mashavu yanavimba. Pembe hizo hazisogei kirahisi. Zikikaa juu ya zenzake, zungusha mpaka mstari wa macho mawili ulingane. Kisha ukubwa. Hapa mwili umempa fundi rula ya bure: lile duara la rangi linalozunguka mboni lina kipenyo cha karibu milimita 12 kwa watu wazima karibu wote, na halibadiliki mtu akicheka, akilia au akisinzia. Mboni yenyewe hupanuka na kusinyaa kwa mwanga, kwa hiyo haifai kupimia.

Picha yetu ina pikseli 4000 kwa 6000 na inamchukua bibi harusi kuanzia kifuani, kiasi cha sentimita 60 kutoka chini hadi juu. Hiyo inatoa takriban pikseli 10 kwa kila milimita ya uso wake. Duara la jicho katika 0412, likipimwa kwa upana kwa kuwa juu limefunikwa, ni pikseli 118. Katika 0411 ni 122, maana alikuwa ameegemea mbele kidogo. Kugawanya 118 kwa 122 kunatoa asilimia 97 kwa makadirio, na hicho ndicho kiwango cha kuandika kwenye Free Transform. Tofauti ya asilimia tatu inaonekana ndogo kwenye karatasi. Usoni, macho makubwa kwa asilimia tatu humfanya mtu aonekane ameshtuka.

Baada ya hapo fundi atazame macho yote mawili kwa pamoja. Yakikubali yote kwa kusogeza mara moja, vizuri. La kulia likitaka kwenda huku na la kushoto kule, hiyo ni habari kwamba kichwa kiligeuka zaidi ya alivyodhani, na ni heri arudi kutafuta picha nyingine kuliko kuanza kulazimisha.

Sasa maski. Leya ya 0411 inafichwa yote kwa maski nyeusi, kisha inafunuliwa polepole kwa brashi nyeupe. Swali la maana ni mpaka upite wapi, kwani mpaka huo una tabia tofauti kila upande wa jicho.

Juu, usipite karibu na nywele za kope wala kwenye mkunjo. Jicho likiwa nusu, ngozi ya kope inaonekana pana, na rangi yote ambayo mpambaji aliipaka iko nje. Jicho likifunguka, sehemu kubwa ya ngozi hiyo huingia ndani ya mkunjo na rangi hubaki utepe mwembamba. Ukileta jicho la 0411 bila kope lake zima, rangi ya 0412 itabaki imening'inia juu yake, upana ule wa usingizi, na mkunjo utakuwa miwili. Mpaka upande mpaka kwenye ngozi tupu iliyo chini ya nyusi, ukiwa laini, pikseli 15 hadi 20 za kufifia. Kama bibi harusi amepakwa vimeta, jambo hili halina mjadala, kwa sababu vimeta vilivyokatwa katikati huonekana hata na mtoto.

Chini, mambo yanageuka. Mpaka unafuata ukingo wa kope la chini la 0412, na unakuwa mkali, pikseli moja au mbili tu. Kwenye ukingo huo kuna uzi mwembamba wa machozi unaong'aa. Uachwe wa 0412. Ukifutika au ukawa miwili, jicho huonekana kavu, kama la sanamu. Kope hili la chini, lililopandishwa na kicheko, litafunika sehemu ya duara la jicho lililotoka 0411, kiasi cha pikseli 12 hivi katika mfano wetu, na ndivyo inavyotakiwa. Pembe ya nje, penye mikunjo midogo ya kucheka, nayo ibaki ya 0412.

Hapo jicho limefunguka. Lakini bado linahitaji jambo moja dogo ambalo wengi huliacha. Msuli unaolizunguka ukijikaza kwa kicheko, hulivuta kidogo na kope la juu. Kope lililotoka kwenye uso usiocheka liko juu kuliko linavyopaswa. Kwa Warp au Liquify, brashi kubwa na nguvu ndogo, lishushwe pikseli tatu hadi tano. Uwazi wa jicho la 0411 ulikuwa pikseli 100. Umepungua hadi 97 kwa kipimo, kope la chini likachukua 12, na la juu likachukua zake. Tunabaki na kama 80. Ni jicho jembamba kuliko la 0411, na lina uhai kuliko lile.

Kipimo cha mwisho cha kope la juu ni duara lenyewe. Kwa watu wengi, kope lililotulia hufunika milimita moja hadi mbili za juu ya duara. Weupe ukionekana juu yake, mtu ameshtuka au amekasirika. Makosa mengi ya kufungua macho ni ya kuyafungua kupita kiasi.

Rangi hulinganishwa kwa ngozi, sio kwa weupe wa jicho. Fundi achukue kipande cha ngozi chini ya nyusi katika leya zote mbili, azilinganishe kwa Curves, na weupe utafuata wenyewe. Kishawishi cha kuusafisha weupe uwe kama karatasi kipo, na kishindwe. Weupe wa jicho uko ndani ya kivuli cha kope, hasa sehemu yake ya juu, na una wekundu wake kwenye pembe ya ndani. Ukiung'arisha, macho yanatoka usoni. Vivyo hivyo chengachenga za picha: leya iliyopunguzwa ukubwa au kuzungushwa hulainika kidogo, na kwenye chapa kubwa ya ukutani jicho laini katikati ya ngozi yenye chenga hujitangaza. Kuongeza chenga kidogo kwenye leya hiyo pekee, ukitazama kwa ukubwa wa asilimia 100, huiponya.

Je, kama hakuna picha jirani yoyote? Mpiga picha alibonyeza mara moja, mgeni akaondoka. Hapo kope lenyewe ndilo linalohaririwa, na kazi inakuwa ndogo kwa makusudi. Kosa la kawaida ni kusukuma kope juu kwa Liquify peke yake. Liquify haivumbui kilichofichwa, inavuta kilichopo: duara linakuwa yai na mboni inarefuka. Njia salama zaidi ni kukata utepe wa kope la juu pamoja na nywele zake, kuuweka kwenye leya yake, na kuupandisha pikseli 10 au 15. Pengo linalofunguka chini yake hujazwa kwa Clone Stamp kutoka pembeni mwa duara hilohilo, likifuata mviringo wake, kisha hutiwa kivuli laini upande wa juu, kile ambacho kope hukitupa juu ya jicho. Ngozi inayosukumwa juu lazima ipungue mahali fulani, na mahali pake ni kwenye mkunjo: punguza upana wa ngozi kati ya nywele na mkunjo kwa kiasi kilekile ulichopandisha.

Iwapo jicho moja limefunguka na jingine limebaki nyuma, wengi hulinakili lile zima na kuligeuza kama kwenye kioo. Umbo hukubali, mwanga hukataa. Kila jicho lina nukta nyeupe inayoakisi taa, na kwa kuwa taa ya bibi harusi ilikuwa kushoto kwa kamera, nukta katika macho yote mawili iko juu kushoto. Jicho lililogeuzwa linaileta juu kulia. Mtazamaji hatasema nukta imehama. Atasema macho yana makengeza. Nukta hiyo ifutwe na ipandikizwe upya upande wake, na mtazamo uangaliwe tena, kwa kuwa mtu anayetazama pembeni akigeuzwa jicho moja atakuwa anatazama pande mbili.

Kazi ikiisha, haifai kuihukumu kwa macho yaliyochoka nayo. Igeuze picha nzima kushoto kulia kwa muda. Kasoro za ulinganifu huruka mbele. Ipunguze iwe ya ukubwa wa simu, maana huko ndiko itakakotazamwa kwanza. Kisha mwonyeshe mtu anayemjua bibi harusi bila kumwambia kilichofanyika. Ndugu humtambua mtu kwa macho upesi kuliko kipimo chochote.

Kabla ya yote haya, ipo hukumu ambayo programu haiwezi kuitoa: kama jicho hili linastahili kufunguliwa. Katika harusi nyingi za pwani bibi harusi huinamisha macho, na hiyo ni heshima yake wala si kosa la shata. Kurembua nako ni kupendeza kwa hiari. Wapo wenye kope moja lililoshuka kuliko jingine maisha yao yote, na wazee ambao kope zao zimelegea kwa umri. Ukizinyanyua umewapa uso wa mtu mwingine. Fundi apitie picha zote za siku ile. Kope likiwa vilevile katika zote, ndivyo lilivyo. Likiwa tofauti katika moja tu, hilo ni pepeso. Kwa pasipoti na vitambulisho hakuna kuhariri kabisa: picha hupigwa upya. Vyumba vya habari navyo havikubali kuunganisha picha mbili, hata za sekunde moja.

Njia bora ya kupata picha jirani ni kuipiga. Mwanafizikia Piers Barnes na mwenzake Nic Svenson, wa taasisi ya utafiti ya CSIRO nchini Australia, walipewa tuzo ya Ig Nobel ya hesabu mwaka 2006 kwa kukokotoa idadi ya picha zinazohitajika ili kundi zima liwe na macho wazi: kwa watu wasiozidi 20, gawanya idadi yao kwa tatu kwenye mwanga mzuri, kwa mbili kwenye mwanga hafifu. Kwa mtu mmoja hesabu ni nyepesi zaidi. Akipepesa mara 15 kwa dakika, robo sekunde kila mara, macho yake yako safarini karibu sekunde nne katika kila 60, yaani picha moja kati ya 16. Ila kamera inayopiga picha kumi kwa sekunde itanasa pepeso hilohilo mara mbili au tatu mfululizo. Mfululizo wa sekunde moja nzima ndio unaofaa: una picha za kabla na za baada ya pepeso, kichwa kikiwa hakijapata muda wa kugeuka na kicheko kikiwa hakijafifia.

Kwa wavaa miwani mpango huu unabadilika kidogo. Kioo cha miwani hupunguza au kukuza jicho lililo nyuma yake, na huakisi taa, kwa hiyo kukata nusu ya jicho ndani yake huacha mwakisiko uliovunjika. Hapo huhamishwa kioo kizima, fremu ikiwa ndiyo mpaka wa maski, na kope la chini huinuliwa baadaye kwa Warp hadi lifikie lile la picha yenye kicheko.